Bima ya safari ya mama (miaka 68, presha na sukari) kwenda Ujerumani: cheti cha euro 30,000 kinalipa nini hasa?

Kiboriloni_Juu
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari za jioni. Mama anakwenda Stuttgart kwa dada siku 90. Anaondoka KIA tarehe 2 Mei usiku, anaingia Ujerumani tarehe 3, anatoka huko tarehe 31 Julai. Ana presha ya miaka kumi na sukari ya kidonge, siyo ya sindano. Nina bei mbili mkononi, zote kutoka ofisi za Arusha mjini. Ya kwanza ni 145,000, imeandikwa matibabu euro 30,000 na begi euro 300. Ya pili ni 310,000, matibabu dola 50,000, kufuta safari dola 500, begi dola 1,000. Wote wanasema ubalozi unakubali. Tofauti ya 165,000 ni ya nini? Na yale maneno ya kufuta safari na begi yana maana gani siku ya siku?

Baba_Nelly
Mangi, usihangaike. Ubalozi unataka euro 30,000, basi. Chukua ya 145,000, hiyo inayobaki mnunulie mama koti, kule hata Mei asubuhi kuna baridi. Begi nalo lisikuumize kichwa, ndege ikilipoteza inalipa dola 2,000 kwa kila begi. Hiyo ni sheria ya dunia nzima.

Dawati_Sakina
Baba Nelly, kwenye ubalozi uko sawa, kwenye mengine umekwenda haraka. Kanuni ya viza ya Schengen inataka vitu vichache tu: kinga isipungue euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, ihusu siku zote za kukaa huko, na ilipe matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Afisa wa viza anasoma cheti cha ukurasa mmoja. Hakai kusoma kijitabu cha masharti chenye kurasa arobaini. Hospitali ya Stuttgart ikipiga simu kuuliza nani analipa, kinachofunguliwa ni kile kijitabu.

Kiboriloni, kabla ya kulinganisha bei, omba vijitabu vyote viwili. Siyo kipeperushi, kijitabu cha masharti. Kwa mama wa miaka 68 mwenye presha, tafuta mahali panapozungumzia ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Utakuta moja ya sura tatu. Kuna mkataba unaoukataa moja kwa moja, ugonjwa wenyewe "na matokeo yake". Kuna unaolipa dharura tu, ya kuokoa maisha au kutuliza maumivu makali, na kuiwekea dari yake ndogo ndani ya ile kubwa. Na kuna unaolipa kama kawaida iwapo ugonjwa ulikuwa umetulia kwa muda fulani kabla ya safari.

Hayo maneno "na matokeo yake" ndiyo yanayoua. Tuseme siku ya ishirini mama anapata kiharusi. Kwako ni jambo jipya, hajawahi kuugua kiharusi. Kwa kampuni yenye masharti ya sura ya kwanza, kiharusi kimetokana na presha, na presha ilikuwepo. Cheti kinasema euro 30,000, jibu linakuwa sifuri, na hakuna aliyedanganya. Kwa kampuni ya sura ya pili wenye dari ya euro 5,000, watalipa hizo 5,000, nazo kwenye wodi ya uangalizi maalumu Ujerumani zinaweza kuisha ndani ya siku chache. Zinazobaki zinamfuata mgonjwa, na kama dada yako alisaini kule kwa mamlaka za Ujerumani kwamba atabeba gharama za mgeni wake, zinamgeukia yeye.

Kwa hiyo tofauti ya 165,000 inaweza kuwa ni ya kipengele hicho, au inaweza kuwa ni ya begi tu. Bei peke yake haikuambii.

Kiboriloni_Juu
Nimevifungua vyote viwili. Wa 145,000 umeandika hauhusiki na "ugonjwa wowote uliokuwepo, ujulikane au usijulikane, na matokeo yake". Wa 310,000 unasema ugonjwa uliotulia siku 90 unalipwa dharura hadi dola 15,000. Halafu fomu inauliza kama ana ugonjwa wa kudumu. Yule kijana wa ofisini akaniambia niandike hapana, bei isipande. Hapo mnasemaje?

Dawati_Sakina
Andika ndiyo, na umwambie kijana aandike kwa mkono wake kwamba umemtajia. Madai ya hospitali hayalipwi kwa cheti tu. Kampuni inaomba taarifa ya daktari na historia ya mgonjwa, na mama mwenyewe atafika wodini na amlodipini na metformini kwenye mkoba. Daktari wa Kijerumani ataandika kwenye ripoti "anajulikana na presha tangu miaka kumi" kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo inavyopaswa. Ukiwa uliandika hapana, kampuni haikatai kiharusi peke yake, inaweza kuufuta mkataba mzima. Hata akivunjika mguu kwenye ngazi, ambako presha haihusiki kabisa, unakuwa umewapa mlango wa kutokea.

Nesi_Majengo
Naongeza hapo kwenye "uliotulia siku 90", maana watu husoma kama vile ni kujisikia vizuri. Kwenye mikataba mingi kutulia maana yake katika kipindi hicho hakulazwa, hakupata dalili mpya, hakupewa rufaa ya kipimo ambacho majibu yake bado, na dawa haikubadilishwa. Hata kupandishwa kutoka miligramu 5 kwenda 10 kunahesabika kuwa hakutulia, ingawa kliniki tunaona ni jambo la kawaida.

Kwa mama anayeondoka 2 Mei, siku 90 nyuma ni tarehe 1 Februari. Mpeleke kliniki Januari, apimwe presha, sukari ya miezi mitatu, figo na macho, na kama dozi inahitaji kubadilishwa ibadilishwe hapo. Nisieleweke vibaya: presha ikipanda Machi, dawa ibadilishwe Machi, afya haingojei bima. Ila mjue kuwa kipengele kimeanguka, na muwaarifu kampuni kabla hajapanda ndege. Wengine wanaongeza ada kidogo na kuendelea.

Dawa za siku zote hazilipwi na mkataba wowote kati ya hiyo, wala kliniki ya kawaida. Abebe za siku 90 na nyongeza ya wiki mbili, zote kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa lenyewe na siyo jina la biashara. Dawa zikiwa kwenye begi lililopotea, kuzinunua upya kule kunahitaji kumwona daktari kwanza.

Mpagazi_wa_Machame
Wakuu mimi naomba kujua, wateja wetu wa Kilimanjaro wakija na bima kama hizi helikopta inakuja au haiji? Na ile ya Zanzibar ya dola 44 inafanya kazi mlimani?

Dawati_Sakina
Kaka, huu uzi ni wa mama anayetoka, wako ni wa wanaoingia, lakini kwa ufupi: ya Zanzibar ni ya mgeni kuingia Zanzibar, usiitegemee kambi ya Barafu kule mlimani. Kwa mteja wa mlima tazama kikomo cha mwinuko. Mkataba ukisema hadi mita 4,500, Horombo kwa 3,720 yuko ndani, Kibo kwa 4,720 ameshatoka, na kilele ni 5,895. Helikopta mara nyingi inahitaji kibali cha kampuni ya bima kwanza, kwa hiyo namba yao ya dharura iwe kwa kiongozi wa msafara, siyo kwenye simu ya mteja iliyozimika kwa baridi. Fungua uzi wake, kuna watu watachangia.

Mpagazi_wa_Machame
Asante mkuu, nafungua.

Kiboriloni_Juu
Akiugua kweli, hatua ya kwanza ni ipi? Dada anafanya kazi za zamu, mama anaweza kuwa peke yake.

Dawati_Sakina
Ikiwa ni roho kutoka, 112 kwanza, bima baadaye. Hakuna mkataba unaomtaka mtu apige simu ya bima akiwa ameanguka. Lakini akishalazwa, mtu wa familia apige ile namba ya saa 24 iliyoko kwenye cheti, mara nyingi ndani ya saa 24 au 48. Wanaopokea siyo kampuni ya Arusha, ni kampuni ya msaada waliyoingia nayo mkataba. Atapewa namba ya faili, na wao ndio wanaoitumia hospitali barua ya dhamana. Bila hiyo barua hospitali inamchukulia mama kama mtu anayejilipia. Usipopiga, mikataba mingi inapunguza fidia au inakataa zile gharama ambazo wangeweza kuzipanga wenyewe.

Kwa daktari wa mtaani bila kulazwa, kawaida unalipa mwenyewe halafu unadai. Ankra iwe na jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, jina la ugonjwa na kila huduma na bei yake. Risiti ya mashine ya kadi pekee hairudishi hela.

Jambo moja ambalo familia huligombania baadaye: daktari wa bima akisema mgonjwa anaweza kusafiri, kampuni ina haki ya kumrudisha KIA aje aendelee na matibabu huku. Mkisema abaki kwa dada apone vizuri, gharama kuanzia siku hiyo ni zenu. Huo ndio mpaka wa bima ya safari, inamtoa mtu kwenye dharura na kumfikisha nyumbani. Haimtibu mpaka apone.

Sokoni_Kilombero
Kwa nini dada asinunue bima ya wageni huko huko Ujerumani? Zipo na ni nafuu.

Dawati_Sakina
Inaruhusiwa, mwenyeji anaweza kumnunulia mgeni. Ila asome masharti yale yale. Nyingi za huko nazo zinakataa matibabu yaliyojulikana kabla ya safari kuwa yatahitajika, zina ukomo wa umri, na mara nyingi hazina kufuta safari wala begi. Zikilingana kwenye kipengele cha presha, mimi ningechukua ya huko bila kuona haya, maana kudai ukiwa Stuttgart kwa kampuni iliyoko Ujerumani ni kuepuka safari nyingi za barua.

Baba_Nelly
Haya, nimenyamaza kwenye matibabu. Kufuta safari je? Mimi najua viza ikikataliwa bima inarudisha tiketi.

Dawati_Sakina
Hapana, na hapa watu wengi wanaumia. Kufuta safari kunalipwa kwa sababu zilizoorodheshwa tu: kifo au ugonjwa mkubwa wa msafiri au ndugu wa karibu, nyumba kuungua, wito wa mahakama na mambo ya namna hiyo, nayo yawe yametokea baada ya kununua bima. Viza kukataliwa kwa kawaida haimo. Unachoweza kurudishiwa viza ikikataliwa ni ada ya bima yenyewe, ukipeleka barua ya ubalozi kabla ya tarehe ya kuanza kwa mkataba, na wengine wanakata kidogo ya usumbufu. Ulizia hilo kabla ya kulipa. Euro 90 za viza hazirudi kwa yeyote. Ndiyo maana kwa viza watu huweka nafasi ya ndege, wanalipia tiketi viza ikishatoka.

Tupige hesabu ya mkataba wa 310,000. Tuseme tiketi ni dola 1,100, na wiki moja kabla ya safari mama anapata nimonia. Shirika la ndege linarudisha kodi za uwanja, tuseme dola 300. Hasara yako ni 800, siyo 1,100, kwa sababu bima inalipa kile tu ambacho hakirudi kwingine. Dari ni 500. Na kuna dola 50 unazobeba mwenyewe, zile mawakala wanaita eksesi. Ukizitoa kwenye hasara, 800 inakuwa 750 halafu dari inakupa 500. Ukizitoa kwenye dari, unapata 450. Mikataba haifanani hapo, soma sentensi yenyewe.

Cheti cha daktari kiandike kwamba hafai kusafiri, na tarehe yake iwe kabla ya kufuta tiketi au siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka ndege imeondoka ukitumaini atapona, mtu anayeshindwa kufika uwanjani na aliyefuta safari ni watu wawili tofauti kwa shirika la ndege na kwa bima. Na nimonia siyo presha. Akilazwa kwa presha wiki hiyo, unarudi kwenye kile kipengele cha siku 90.

Mizigo_KIA
Acheni mimi niseme la begi, ndiko ninakoshinda. Baba Nelly, Mkataba wa Montreal upo na Tanzania imo, lakini hausemi dola 2,000 kwa kila begi. Dari kwa sasa ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, tangu Desemba 28, 2024, hiyo ni zaidi kidogo ya dola 2,000, na ni kwa kila abiria, awe na begi moja au matatu. Tena ni dari, siyo malipo. Unalipwa thamani unayoweza kuionyesha.

Kiboriloni, mwambie mama hivi. Pale KIA akikabidhi begi, aangalie kile kikaratasi kimeandikwa herufi za Stuttgart, STR, siyo za uwanja wa kubadilishia ndege. Kipande chenye namba ya tarakimu kumi akibandike ndani ya pasipoti. Piga picha begi likiwa wazi, halafu likiwa limefungwa.

Akifika na begi halipo kwenye mkanda, asitoke nje kumkimbilia dada. Dawati la mizigo liko ndani, kabla ya forodha. Anaandikisha ripoti inayoitwa PIR, anapewa namba yenye herufi za uwanja, za shirika na tarakimu tano. Bila PIR, bima ya begi imekufa hapo hapo. Anaandikisha kwa shirika lililomfikisha mwisho, hata kama begi lilibaki kwa ndege ya kwanza.

Begi likija limevunjika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipoonekana siku 21, linahesabika limepotea. Kesi mahakamani ina miaka miwili, baada ya hapo haki imezimika.

Kiboriloni_Juu
Na dola 1,000 za bima zinaingia wapi? Nalipwa mara mbili?

Mizigo_KIA
Hulipwi mara mbili. Chukua begi lenye vitu vya dola 620: begi lenyewe 80, nguo na vitenge 240, viatu 60, na mkufu wa dhahabu wa zawadi 240. Bima nyingi hazilipi dhahabu, simu, kompyuta wala fedha taslimu ukiviweka kwenye begi la chini. Mkufu unatoka, inabaki 380. Shirika likilipa 200, bima inaanza na 180, inatoa eksesi ya 50, unapata 130. Kwa hiyo dai lote kwanza kwa shirika, maana dari yao ni kubwa kuliko ya bima yako. Bima ni ya kuziba pengo.

Angalia pia kikomo cha kitu kimoja. Dola 1,000 zikiwa na kikomo cha 150 kwa kitu, koti la 300 linalipwa 150. Na nguo zinakatwa uchakavu, risiti ya mwaka juzi hailipwi kama ya jana. Vitenge vya sokoni havina risiti, ndiyo maana nikasema picha.

Kuchelewa ni kipengele kingine kabisa. Baada ya saa 6 au 12, kutegemea mkataba, bima inarudisha hela ya vitu vya lazima, mswaki, nguo za ndani, sweta, kwa risiti. Ni wakati wa kwenda tu. Begi likichelewa akirudi KIA hawalipi, wanasema yuko nyumbani, kabati liko pale.

Mama_Upendo_Njiro
Na ndizi jamani? Mama hawezi kwenda kwa mwanae bila ndizi na dagaa.

Mizigo_KIA
Shikamoo mama. Ndizi zinaruhusiwa Ulaya bila cheti cha mimea, ziko kwenye orodha fupi pamoja na nanasi, nazi na tende. Parachichi na maembe yanataka cheti. Dagaa, samaki wa matumizi ya mtu binafsi wanaruhusiwa hadi kilo 20. Nyama, maziwa na mtindi aache. Bima haihusiki na chakula kilichooza wala kilichochukuliwa na forodha, hata begi likichelewa siku nne.

Dawati_Sakina
Tarehe, Kiboriloni. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabika, kwa hiyo 3 Mei hadi 31 Julai ni siku 90 kamili, hamna hata moja ya ziada. Lakini bima ianze tarehe 2 anapoondoka nyumbani na iishe 1 Agosti anapotua, hizo ni siku 92. Ukinunua ya siku 90 kuanzia tarehe 2, siku mbili za mwisho hazina kinga, na ubalozi utaona pengo la tarehe 31. Viza ikitoka na tarehe nyingine, omba mabadiliko kabla mkataba haujaanza. Na ukishalipa, hakiki namba ya mkataba kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Wakikukatalia madai, omba barua inayotaja kipengele. TIRA wana ofisi ya kanda Arusha, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Bila barua ya kukataliwa hata wao hawana pa kuanzia.

Kiboriloni_Juu
Nimeelewa, nakwenda na wa 310,000 isipokuwa dada apate wa huko unaolipa presha zaidi ya dola 15,000. Swali moja: kipengele kinasema "umetulia siku 90 kabla". Kabla ya kununua bima au kabla ya kuondoka? Hakijasema.

Nesi_Majengo
Mimi nilihesabu kuanzia kuondoka.

Dawati_Sakina
Nimeona mikataba ya namna zote mbili. Wako haujasema, na sentensi yenye utata kwa kawaida husomwa dhidi ya aliyeiandika, lakini usitegemee kushinda hoja mgonjwa akiwa wodini. Waandikie barua pepe uulize, wajibu kwa maandishi kabla hujalipa.

Baba_Nelly
Na wakijibu kwa simu?

Dawati_Sakina
Mwandikie tena: "kama tulivyozungumza leo, umesema ni kabla ya kuondoka". Asipokanusha, unayo.

Kiboriloni_Juu
Nimetuma saa hii. Wakijibu nitaleta hapa.